Mkebe wa lita 5 kwa bati dogo kabisa: namna ya kupata kipenyo na kimo

Swali hili hunifikia kutoka pande mbili. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, wanaojiandaa kwa Egzetat, ule mtihani wa taifa, huniuliza kwa nini jibu la mwalimu wao ni "kimo sawa na kipenyo", wakati makopo wanayoyaona dukani ni marefu kuliko upana wake. Mafundi bati wa huku Kadutu, mjini Bukavu, huniuliza kwa njia fupi zaidi: "Mwalimu, mkebe wa lita tano, nikate duara la ngapi ili bati lisiishe bure?" Ni swali moja. Nimelijibu mara nyingi kwa mdomo, safari hii naliandika lote, na mfano mmoja kuanzia hesabu hadi mkasi.

Mkebe tutakaoufanyia kazi ni wa mafuta ya taa, lita 5, umefungwa juu na chini, na tundu dogo la kumiminia linalotobolewa kwenye kifuniko baadaye. Bati ni lile jembamba la zinki, chini ya nusu milimita, linalouzwa kwa kipande cha mita 1 kwa mita 2. Usiutumie kwa mawese au juisi: vyakula vyenye uchachu hula zinki, nayo huingia kwenye chakula.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu yenye kalkuleta inayoweza kupandisha namba kwenye kipeo, au uvumilivu wa kujaribu namba moja moja.
- Karatasi, kalamu, rula ya chuma na bikari.
- Mkasi wa bati, nyundo ya mbao, na chuma cha kukunjia.
- Chupa ya maji ya lita 1 unayoamini kipimo chake, kwa ajili ya jaribio la mwisho.
- Ujue kutafuta derive, yaani kasi ya kubadilika, ya d² na ya 1/d. Hizo mbili zinatosha kwa karibu kazi yote. Derive ya d² ni 2d, na derive ya 1/d ni −1/d².

Katika mwongozo wote, `d` ni kipenyo cha ndani cha mkebe, `h` ni kimo chake cha ndani, na `V` ni ujazo. Natumia kipenyo badala ya nusu kipenyo kwa sababu fundi hupima kipenyo. Wanafunzi, hapa ndipo wengi wenu hupotea: kitabu kinasema `r`, nyinyi mnakata `d`, na mkebe unatoka na ujazo mara nne.

Hatua ya 1. Geuza lita kuwa sentimita za ujazo

Lita 1 ni sentimita 1000 za ujazo, kwa hiyo V = 5000. Kuanzia hapa usirudi tena kwenye lita wala milimita mpaka mwisho. Ukitaka nafasi ya hewa juu ya mafuta, iongeze sasa hivi kwenye V, kwa mfano andika 5200, kisha endelea na hatua zile zile.

Hatua ya 2. Andika bati lote la mkebe mmoja

Ukiufungua mkebe ukaulaza mezani, unapata vipande vitatu: maduara mawili, yaani kitako na kifuniko, na ubavu, ambao ni mstatili. Urefu wa mstatili huo ni mzingo wa duara, na upana wake ni kimo cha mkebe.

```
A = 2 × (π d² / 4) + π d h
```

Kama una shaka na huo mstatili, chukua karatasi, izungushe kwenye glasi, kata inapokutana, kisha ifungue. Nimeona wanafunzi wenye alama nzuri ambao hawakuwahi kuamini fomula hii mpaka walipofanya hivyo.

Hatua ya 3. Ondoa h

Huwezi kutafuta derive ukiwa na herufi mbili zinazobadilika kwa pamoja. Lakini d na h haziko huru: ukishachagua kipenyo, ujazo wa lita 5 ndio unaoamua kimo.

```
V = π d² h / 4    →    h = 4V / (π d²)
```

Weka h hiyo ndani ya A, na mengi yanajifuta yenyewe:

```
A = π d² / 2 + 4V / d
```

Tazama hivi vipande viwili vinavyovutana. Kile cha kwanza ni maduara, nacho hukua mkebe unapopanuka. Cha pili ni ubavu, nacho hupungua mkebe unapopanuka. Mkebe mwembamba mrefu unakula bati ubavuni, mkebe mpana mfupi unakula bati juu na chini. Tunatafuta mahali ambapo kuongeza kipenyo kidogo tena hakupunguzi wala hakuongezi kitu.

Kosa la kawaida hapa: mtu anatafuta derive kabla ya kuondoa h, akiichukulia h kama namba isiyobadilika. Atapata πd + πh = 0, jambo ambalo haliwezekani kwa mkebe wowote duniani. Ukiona jibu lako linadai kimo chini ya sifuri, rudi hatua hii.

Hatua ya 4. Derive, kisha iwe sifuri

```
A' = π d − 4V / d² = 0
d³ = 4V / π
```

Rudisha d hii kwenye fomula ya h na utaona kwamba h = d. Hilo ndilo jibu la kitabu: kimo sawa na kipenyo. Kwa V = 5000, d³ ni 6366, kwa hiyo d ni karibu 18.5, na kimo ni 18.5.

Kupata kipeo cha tatu kwa simu, andika `6366^(1/3)` na hayo mabano. Bila mabano, simu inapandisha kwenye kipeo cha 1 kisha inagawa kwa 3, nawe unapata 2122. Asiye na kalkuleta ya namna hiyo ajaribu tu: 18 × 18 × 18 ni 5832, ni ndogo, 19 × 19 × 19 ni 6859, ni kubwa, basi iko katikati.

Mwanafunzi anaweza kuishia hapa na kupata alama zake zote. Fundi hawezi.

Hatua ya 5. Hesabu duara kama mraba

Siku ya kwanza nilipompelekea fundi jirani yangu jibu la 18.5 kwa 18.5, aliichukua karatasi, akachora duara juu ya kipande cha bati, akanionyesha pembe nne zilizobaki nje ya duara. "Mwalimu, hesabu yako ni nzuri," alisema, "lakini hizi pembe nani atazinunua?" Hakuna anayezinunua. Zinaanguka chini ya meza na kufagiliwa.

Alikuwa na haki, na hesabu yangu ndiyo iliyokosa kitu. Duara la kipenyo d linatoka kwenye mraba wa d kwa d. Fundi analipia mraba mzima, si duara. Ubavu wenyewe ni mstatili, haupotezi pembe. Kwa hiyo duara ni ghali kuliko kitabu kinavyodhani, na mkebe bora lazima uwe mwembamba kidogo na mrefu kidogo, ili maduara yapungue.

Badilisha π d² / 2 kuwa 2d², kisha rudia hatua ya 4:

```
A  = 2 d² + 4V / d
A' = 4 d − 4V / d² = 0
d³ = V
```

Matokeo haya ni mepesi kukumbuka kuliko ya kitabu: kipenyo ni kipeo cha tatu cha ujazo, basi. Kwa 5000, d ni 17.1. Kimo kinatoka 4d/π, yaani karibu mara 1.27 ya kipenyo: 21.8.

Hapa ndipo ilipo sehemu kubwa ya jibu kwa wanaouliza kuhusu makopo ya dukani. Kopo la kawaida la chakula la gramu 400 lina kipenyo cha milimita 73 na kimo cha 110, mara 1.5. Mkebe wa soda wa sentilita 33 una kipenyo cha milimita 66 na kimo cha 115. Kiwanda hupanga maduara kwa kupishana kama masega ya nyuki, hivyo hupoteza pembe kidogo kuliko sisi. Kwa mpangilio huo peke yake kimo bora kingekuwa mara 1.1 tu ya kipenyo. Lakini kifuniko cha soda ni kinene kuliko ubavu wake, kwa hiyo kila sentimita ya kifuniko ni ghali zaidi, na tena mkebe lazima uenee mkononi. Kila sababu ya namna hiyo inausukuma mkebe kwenda juu.

Hatua ya 6. Ongeza mikunjo

Vipande vitatu havishikani vyenyewe. Mkunjo unakula bati, na kiasi kinachokula kinategemea mkono wako. Nachukua mkunjo wa nusu sentimita kila mahali, kama wanavyofanya wengi hapa:

- Mshono wa ubavu, ule wa kunasana, unakula upana wa mkunjo mara tatu: 3 × 0.5 = 1.5. Urefu wa mstatili ni π d + 1.5.
- Ubavu unapinduliwa nje nusu sentimita juu na nusu chini, ili maduara yapate pa kushika. Upana wa mstatili ni h + 1.
- Duara linapita chini ya huo mpinduo kwa nusu sentimita, kisha linapanda na kuukumbatia kwa nusu nyingine. Hiyo ni sentimita 1 kila upande, kwa hiyo duara la kukata ni d + 2.

Bati lote la mkebe mmoja sasa ni:

```
M = 2 (d + 2)² + (π d + 1.5)(h + 1)
h = 6366 / d²
```

Unaweza kutafuta derive ya hii pia. Inatoka hivi:

```
M' = 4d + 11.14 − 20000/d² − 19099/d³
```

Haifunguki vizuri kama zile mbili za mwanzo, wala haina haja. Weka namba ndani yake uangalie alama. Kwa d = 16.5 inatoa −0.6, yaani bati bado linapungua ukipanua. Kwa d = 16.6 inatoa +0.8, yaani limeanza kuongezeka. Sifuri iko katikati ya hizo mbili, karibu 16.5. Kimo chake ni 6366 ÷ 272.25, yaani 23.4.

Kama mkunjo wako ni wa milimita 4 au 6, badilisha namba za hatua hii kwanza. Usichukue 16.5 yangu kama dawa ya kila mkono.

Hatua ya 7. Angalia majirani wa jibu

Hatua hii watu huiruka, nami naipenda kuliko zote. Hesabu M kwa vipenyo vingine kadhaa, uone unapoteza nini ukienda mbali na jibu. Vipimo ni kwa sentimita, na bati ni kwa sentimita za mraba:

| d | h | bati la mkebe mmoja |
|---|---|---|
| 12 | 44.2 | 2164 |
| 15 | 28.3 | 2002 |
| 16.5 | 23.4 | 1985 |
| 17 | 22.0 | 1986 |
| 18.5 | 18.6 | 2009 |
| 20 | 15.9 | 2056 |
| 24 | 11.1 | 2279 |

Soma safu ya mwisho polepole. Kutoka 16.5 hadi 17, bati linaongezeka kwa sentimita 1.4 za mraba tu, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Hata jibu la kitabu, 18.5, limezidi kwa karibu asilimia 1.2. Lakini ukienda 24 umepoteza karibu asilimia 15, na 12 inakupotezea 9.

Ndiyo maana ya derive kuwa sifuri: chini ya bonde pako tambarare. Mwanahisabati Johannes Kepler aliliandika jambo hili mwaka 1615, katika kitabu chake kuhusu kupima mapipa ya mvinyo huko Austria, kabla hesabu ya derive haijapewa sheria zake. Aligundua kwamba karibu na umbo bora, fundi akikosea kidogo ujazo haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana.

Kwa fundi, huo utambarare ni uhuru. Una nafasi ya kuhama milimita kadhaa kulia au kushoto bila kulipa chochote, na uhuru huo tunautumia sasa hivi.

Hatua ya 8. Panga kwenye bati kabla ya kugusa mkasi

Bati lako ni 200 kwa 100. Chora mstatili huo kwenye karatasi kwa kipimo cha 1 kwa 10, yaani sentimita 20 kwa 10, na upange vipande.

Jaribu kwanza d = 17, kwa sababu ni namba nzima na kila mtu huipenda. Ubavu ni 54.9 kwa 23.0, duara linahitaji mraba wa 19. Weka bavu mbili mbili kwa urefu wa bati, mistari minne: hizo ni bavu 8. Weka ubavu wa 9 kwenye mstari wa chini, mbele ya hizo mbili. Upande wa kulia, juu yake, imebaki nafasi ya 90.2 kwa 77. Miraba ya 19 inaingia minne kwa urefu (76) na minne kwa kupanda (76): 16. Pembeni ya ubavu wa 9 unaingia mmoja. Jumla maduara 17, na mikebe 9 inataka 18. Nimegeuza ule ubavu wa 9 ukasimama wima, nikapata 17 tena. Kwa duara moja lililokosekana, kwa mpangilio huu wa miraba bati zima linatoa mikebe 8.

Sasa jaribu d = 16.5. Ubavu ni 53.3 kwa 24.4, mraba wa duara ni 18.5. Panga vile vile: mistari minne ya ubavu inachukua 97.6 ya ile 100, inaenea. Bavu mbili kwa urefu zinachukua 106.6, inabaki 93.4 upande wa kulia. Safari hii miraba mitano inaingia kwa urefu, maana 5 × 18.5 ni 92.5. Juu ya ubavu wa 9 imebaki 75.6, na mistari minne ya miraba ni 74. Hiyo ni miraba 20, na miwili zaidi pembeni ya ubavu wa 9. Una maduara 22, unahitaji 18. Mikebe 9 imetoka, na maduara manne ya akiba kama moja litaharibika.

Kwenye jedwali tofauti ya 17 na 16.5 ilikuwa ukubwa wa kucha. Kwenye bati ni mkebe mzima. Fomula huhesabu kana kwamba bati ni refu lisilo na mwisho. Bati la dukani lina ukingo, na ukingo haugawanyiki. Kwa hiyo acha derive ikupeleke kwenye sehemu tambarare, kisha ndani ya sehemu hiyo chagua kipenyo kinachokubaliana na ukingo wa bati lako. Ukinunua bati la kipimo kingine, hatua ya 2 hadi ya 7 hazibadiliki. Hii ya 8 inaanza upya.

Tahadhari moja: katika mpangilio huu nafasi iliyobaki kwa urefu ni milimita 9 tu. Kabla ya kuchora, pima bati lenyewe kwa rula, pande zote nne. Nimeshaona lililouzwa kama mita 2 likatoka pungufu ya sentimita moja, na pembe zake hazikuwa mraba.

Hatua ya 9. Kata kimoja, jaribu kwa maji

1. Kata ubavu mmoja wa 53.3 kwa 24.4 na maduara mawili ya 18.5. Bikari ifunguliwe 9.25, maana bikari hutaka nusu kipenyo.
2. Kunja, nasa mshono wa ubavu, ugonge kwa nyundo ya mbao. Kabla ya kufunga kitako, pima kipenyo cha ndani mahali pawili tofauti. Kinatakiwa kiwe 16.5.
3. Funga kitako, tia lehemu, mimina maji chupa tano za lita 1. Maji yafike pale kifuniko kitakapokaa. Kwa vipimo hivi ujazo ni 213.8 × 23.4, karibu 5003.
4. Ukisharidhika, ndipo ukate minane mingine.

Mambo yakienda vibaya

*Mkebe unabeba pungufu ya lita 5.* Karibu kila mara kosa liko kwenye mshono wa ubavu. Ukikunja milimita 7 badala ya 5, mshono unakula 2.1 badala ya 1.5, na mzingo unapungua milimita 6. Inaonekana si kitu, lakini kipenyo kinaingia kwenye ujazo mara mbili, kwa hiyo unapoteza karibu sentimita 115 za ujazo, zaidi ya desilita moja. Pima mzingo kwa kamba: ukiwa chini ya 51.8, umepata mwizi. Usiongeze kimo kufidia, rekebisha mkunjo.

*Duara linakaa, lakini halina ukingo wa kukunja.* Ulikata 16.5 badala ya 18.5. Hii ni kwa anayesoma jibu la d na kwenda moja kwa moja kwenye bikari. Andika kwenye karatasi yako "kipenyo cha mkebe" na "kipenyo cha kukata" kama namba mbili, kila moja mstari wake.

*Jibu la derive ni kubwa mno au dogo mno.* Angalia kama V iko kwa lita au kwa sentimita za ujazo. Ukiweka 5 badala ya 5000 unapata kipenyo cha 1.7, mara kumi pungufu kamili. Jibu likikosea kwa mara kumi kamili, ni vipimo. Likikosea kwa mara mbili kamili, umechanganya r na d.

*Hujui kama umepata bati dogo kabisa au kubwa kabisa.* Mwalimu atataka derive ya pili. Kwa fomula ya hatua ya 5 ni 4 + 8V/d³, ambayo haiwezi kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo ni dogo kabisa. Fundi atazame jedwali la hatua ya 7: namba zinashuka, kisha zinapanda.

*Mteja anataka chombo kisicho na kifuniko.* Usitumie 16.5. Duara sasa ni moja, kwa hiyo si ghali tena kama mwanzo, na chombo kinapenda kuwa kipana. Kwa hesabu ya kitabu kimo kinakuwa nusu ya kipenyo. Kwa hesabu ya mraba, A = d² + 4V/d, na derive inatoa d³ = 2V: kwa lita 5, kipenyo 21.5 na kimo 13.7, kabla ya mikunjo. Ukingo wa juu usiofungwa unakata mkono, basi uzungushie waya, na uongeze kwenye upana wa ubavu bati la kuufunika waya huo, halafu urudi hatua ya 6.